Afande, Usininyooshee Maelezo

"Nikiwa nimesimama dukani niliona daladala likija kwa mwendo wa kasi, dereva akashindwa kulimudu, akamgonga mwenda kwa miguu aliyekuwa akivuka kwenye kivuko, akaanguka chini na kujeruhiwa, kisha dereva akakimbia."

Chini ya sentensi hiyo kuna saini yangu. Niliisoma mara mbili kabla ya kusaini, na aibu yangu ni kwamba niliipenda. Kazi yangu ni kuhariri vitabu. Sentensi inayotiririka huwa inanilegeza, na hii ilitiririka: ina mwanzo, ina kati, ina mwisho, na mkosaji anajulikana. Ina kasoro moja tu. Kati ya mambo yote yanayotendeka ndani yake, kuanzia gari kuja hadi dereva kukimbia, hakuna hata moja nililoliona likitendeka.

Sikudanganya. Wala sidhani kwamba askari mpelelezi aliyeiandika alikusudia kudanganya. Nilimsimulia kwa muda mrefu, kwa kurukaruka, nikirudi nyuma kila nilipokumbuka kitu. Akanisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Dada, umezunguka sana. Ngoja nikunyooshee." Akaninyooshea. Yule muuza kahawa aliyevunjika mguu amelipia kunyooshewa huko mpaka leo, na ndiyo maana naandika.

Nianze na kile nilichokijua kweli, kabla hakijapigwa pasi.

Jioni ile nilikuwa dukani, ng'ambo ya barabara ya mtaa wetu, nanunua unga. Azana ya Magharibi ilikuwa imeshatoka, ya Isha bado. Nililipa kwa simu, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha simu, nikingoja ujumbe wa muamala. Nyuma yangu nilisikia vikombe vya kahawa vikigonganishwa, ule mlio ambao kila mkazi wa mjini anaujua. Muda haukupita sana nikasikia matairi yakilia, kisha kishindo. Niligeuka. Simu ikatetemeka mkononi wakati nimeshageuka, na ujumbe ule bado ninao: saa moja na dakika nane usiku.

Nilipogeuka, daladala lilikuwa limesimama. Mbele yake kijana alikuwa amelala ubavu, birika limemwagika, kikombe kimoja bado kinazunguka juu ya lami. Mlango wa dereva, ambao ulikuwa upande wangu, ulifunguliwa, akashuka mwanaume mwenye fulana ya njano yenye namba tisa mgongoni. Alizunguka mbele ya gari, akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kutoka nyuma ya gari alitokea mtu wa pili, noti zimekunjwa katikati ya vidole, kama makonda wanavyozishika. Mwenye fulana ya njano hakwenda popote. Watu walipojaa, alikuwa bado amesimama palepale. Ndipo nikaanza kusikia sauti za watu wakisema, "Dereva kakimbia, dereva kakimbia."

Sasa linganisha na sentensi ya mwanzo. Nilisema nilisikia matairi. Ikaandikwa niliona gari likija kwa kasi. Nilisema kijana alikuwa amelala hatua kama tatu kutoka kwenye mistari ya kivuko. Ikaandikwa aligongwa akivuka kwenye kivuko. Nilisema watu walikuwa wakisema dereva kakimbia. Ikaandikwa dereva akakimbia. Fulana ya njano haikuandikwa kabisa. Simu nayo haikuandikwa, kwa sababu, kama afande alivyonieleza kwa nia njema, "ukitaja simu watasema hukuwa makini."

Kesi ilipofika mahakamani, utetezi wa mshtakiwa ulikuwa mfupi. Alikiri kwamba daladala lilikuwa lake kwa kazi, na kwamba alikuwamo ndani. Lakini siku ile, alisema, alikuwa amemwachia usukani deiwaka, na deiwaka huyo baada ya ajali alitoka mbio na hajaonekana tena. Anayepanda daladala anajua kwamba deiwaka wapo, na wengi hawana karatasi inayoonyesha nani alishika usukani saa ngapi. Swali zima la kesi likawa hilo: nani alikuwa kwenye kiti cha dereva?

Mimi nilikuwa na jibu. Nilimwona mtu akishuka kupitia mlango wa dereva, na mtu huyo alikuwa kizimbani mbele yangu. Nikasema hivyo, kwa kiapo. Ndipo wakili wa utetezi alipoomba maelezo yangu ya polisi.

"Shahidi, hii ni saini yako?"

"Ndiyo."

"Soma mstari wa mwisho."

Nikasoma: kisha dereva akakimbia.

"Leo unaiambia mahakama dereva hakukimbia, ni huyu hapa. Kule uliandika dereva alikimbia. Tushike lipi?"

Nilijaribu kueleza kwamba yale yalikuwa maneno ya watu. Akaniuliza ni wapi kwenye karatasi nilisema ni maneno ya watu. Hapakuwa na mahali. Akaniuliza nililipaje dukani. Nikasema kwa simu. Akaniuliza nilikuwa natazama nini gari lilipokuwa likija kwa kasi. Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa ni simu. Hakuwa mkali wala hakupaza sauti. Alikuwa anasoma tu kile nilichosaini.

Hakimu alisema maelezo yangu na ushahidi wangu vinapingana katika jambo la msingi, na kwamba hawezi kuniamini. Mshtakiwa aliachiwa. Sisemi hakimu alikosea. Ningekuwa mimi ndiye, nisingeniamini.

Kwa hiyo ninapodai tuache kunyoosha maelezo, naomba nieleweke. Sisemi maneno ya shahidi yasiguswe. Wapo wanaosema hivyo, hasa mawakili waliochoshwa na maelezo yanayofanana kama matofali: mwacheni shahidi aseme anavyosema, andikeni neno kwa neno. Hao hawajawahi kukaa na shahidi aliyetoka kuona damu. Mimi mwenyewe nilianza kusimulia kwa bei ya unga. Nilimtaja kijana amelala kabla ya kutaja kishindo, nikarudi kwenye vikombe mwishoni kabisa. Msomaji wa masimulizi yale asingejua kipi kilitangulia. Maelezo lazima yasafishwe. Ugomvi wangu ni juu ya neno "kusafisha" lina maana gani. Mpelelezi wangu alidhani maana yake ni kuziba mashimo. Mimi nasema maana yake ni kuyaonyesha mashimo yalipo, ili kila mtu ajue ardhi ngumu inaanzia wapi.

Adui wa kwanza yumo ndani ya lugha yetu wenyewe, na ni mdogo sana: ni ile "ka".

Kila mtoto wa Kiswahili anaijua. Ukishafungua hadithi kwa "alitoka", unaendelea: akaenda, akafika, akamkuta, akasema. "Ka" ni kamba inayofunga tukio kwenye tukio. Inasema hili lilifuata lile, na mara nyingi inanong'ona zaidi ya hapo: hili lilitokea kwa sababu ya lile. Kwenye hadithi ni uzuri mtupu. Kwenye maelezo ya shahidi ni kiapo, kwa sababu kila "ka" inadai kwamba msemaji alikuwapo katikati ya matukio mawili na hakupepesa macho.

Rudia sentensi yangu. "Dereva akashindwa kulimudu, akamgonga." Ili niseme "akashindwa kulimudu" ilinipasa nione usukani, au mikono ya dereva, au gari likiyumba. Ili niseme "akamgonga" baada yake, ilinipasa nisiondoe macho. Kamba imefungwa juu ya shimo, na kwa kuwa inasomeka vizuri hakuna aliyetazama chini. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, jambo nililolifurahia. Lakini maana yake pia ni kwamba "ka" sasa inaingia kwenye jalada ikiwa na nguvu zake zote.

Dawa yake si kuifuta kila mahali. "Niligeuka, nikaona" ni sahihi. Nilikuwapo katika kila nyuzi ya kamba hiyo. Dawa ni kuifungua kila moja na kuuliza swali moja: kati ya hiki na hiki, uliona nini? Kama jibu ni "niliona moja kwa moja, hakuna kilichopita katikati," "ka" ibaki. Kama jibu ni "sikuwa natazama," ikatwe, na mahali pake paandikwe hivyo hivyo: sikuwa natazama.

Lugha hiyo hiyo imetupa pia dawa, na hatuitumii vya kutosha. Tuna "me". "Aliangukia ubavu" ni madai kwamba nilimwona akianguka. "Nilimkuta amelala ubavu" ni madai kwamba nilifika jambo likiwa limekwisha, na ninasimulia hali niliyoikuta. Tofauti ya herufi chache, lakini ni tofauti kati ya shahidi wa tukio na shahidi wa matokeo. Wa matokeo ana thamani yake kamili. Fulana ya njano ikishuka kwenye mlango wa dereva ni tokeo, na ndilo lingeamua kesi yetu. "Nilikuta limesimama, nilikuta amelala, nilikuta birika limemwagika": hivyo ndivyo anavyosema mtu mkweli aliyechelewa kugeuka.

Na tuna tatizo la "a". Kiswahili hakituambii "a" ni nani. "Dereva akamgonga mwenda kwa miguu, akaanguka": nani aliyeanguka? Katika ajali tunakisia na tunapata. Katika ugomvi wa watu watatu, "alimpiga akamkimbiza akaanguka akaokota jiwe" inaweza kumfunga aliyepigwa. Anayesafisha maelezo ampe kila mtu jina moja, au sifa moja kama jina halijulikani, na airudie hata kama inachosha masikio. Mwenye fulana ya njano abaki mwenye fulana ya njano mpaka mwisho. Asigeuke kuwa "dereva" katika mstari wa pili, kwa sababu kwamba yeye ni dereva ndilo jambo hasa linalobishaniwa. Kumwita dereva ni hukumu iliyojificha ndani ya jina.

Nimeambiwa, na askari mmoja mstaafu ninayemheshimu, kwamba ninadai mambo ya anasa. Mpelelezi ana majalada mengi mezani, kalamu ni yake mwenyewe, na mwendesha mashtaka anataka karatasi inayoonyesha kosa limetendeka. "Ukimpelekea maelezo yenye 'sikuona, sikuona', mwanangu, atakurudishia." Namwamini. Lakini angalia kilichotupata. Maelezo yasiyo na "sikuona" hata moja yalifika mahakamani yakiwa mazuri, na yakavunjwa kwa maswali matano. "Sikuona" ambayo hukuiandika itaandikwa kwa niaba yako na wakili wa upande wa pili, siku ambayo huna nafasi ya kuieleza.

Tena sheria yenyewe haiombi maelezo yaliyopigwa pasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu cha 10, inataka maelezo ya shahidi yaandikwe kwa ukamilifu, pamoja na maswali ya ufafanuzi ambayo askari ameuliza na majibu yake. Shahidi aonyeshwe au asomewe kilichoandikwa. Na awe huru kueleza au kuongeza kabla ya kusaini. Fikiria maelezo yangu yangeandikwa hivyo. "Swali: Uliliona gari likija? Jibu: Hapana, nilikuwa natazama simu, nilisikia matairi." Mistari miwili tu. Ni mibaya kwa masikio, lakini wakili yeyote angeivunjia wapi?

Na kuhusu kumtambua mtu, mahakama zetu zimesema wanachotaka kwa uwazi wa ajabu. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na ikataja mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama kwa muda gani, akiwa umbali gani, mchana au usiku, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na kama alikuwa amewahi kumwona kabla. Kesi hii inatajwa katika hukumu nyingi kiasi kwamba hakuna mpelelezi asiyepaswa kuijua. Lakini maelezo mengi bado yanasema "nilimtambua" na kuweka nukta. Yangu hayakusema hata hilo.

Kuna hoja moja zaidi, na hii inanitisha kuliko hasara ya mahakamani. Sentensi ile haikubaki kwenye karatasi. Iliingia kichwani mwangu. Miezi kadhaa baada ya kusaini, nilianza kuliona lile daladala likija. Nililiona taa zake, nikaliona likiyumba. Nilipokuwa nikiwasimulia ndugu zangu nilisema "lilikuja kasi sana" bila kusita. Sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimelisoma.

Wataalamu wa kumbukumbu walishaonyesha jambo hili. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Walibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Katika jaribio la pili, waliulizwa baada ya wiki moja kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya watu 50 waliopewa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliopewa kitenzi cha kawaida, 7. Neno la muulizaji liligeuka kuwa picha machoni pa mwenye kujibu. Ndiyo maana anayesafisha maelezo hana ruhusa ya kuchagua kitenzi. Akikosea hapo, haharibu karatasi tu. Anaharibu chanzo, na chanzo hakina nakala.

Kwa hiyo hii ndiyo sheria ninayoidai, kwa mpelelezi, kwa karani wa wakili, na kwa jirani anayemsaidia mwenzake kuandika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Unaruhusiwa kuhamisha: kilichotokea kwanza kitangulie, hata kama kilisemwa mwisho. Unaruhusiwa kupunguza yasiyohusu tukio. Bei ya unga iende zake. Huruhusiwi kupunguza kusita. "Nadhani", "kama", "sina hakika" si uchafu, ni vipimo. Na huruhusiwi kuongeza kitenzi ambacho shahidi hakukitamka.

Kupanga kwenyewe si kugumu. Msikilize shahidi mara ya kwanza bila kalamu, ili azunguke anavyotaka. Mara ya pili, andika kila tendo kwenye mstari wake, na mbele ya kila mstari muulize: umejuaje? Majibu ni manne tu: niliona, nilisikia, niliambiwa, nimekisia. Ya kwanza mawili yaingie. La tatu liingie likiwa na jina lake, yaani "niliwasikia watu wakisema". La nne liondoke, na mahali pake pachukuliwe na kile kilichomfanya akisie. Usiandike "alikuwa amelewa". Andika alinuka pombe, au alishindwa kusimama bila kushika ukuta, kama hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kisha panga kwa vitu ambavyo haviwezi kubishana: azana, ujumbe wa simu, taa iliyowashwa. Saa ya kukisia iwe ya kukisia, na ieleze imetoka wapi. "Kama saa moja" bila chanzo ni nusu ya kitu. "Azana ya Magharibi ilikuwa imeshatoka, ya Isha bado, na ujumbe wa simu uliingia saa moja na dakika nane" ni uzi ambao mtu anaweza kuuvuta aone kama utakatika.

Nimeyaandika upya maelezo yangu. Hayana kazi tena, kesi imekwisha, lakini nilitaka kuona yangekuwaje. Nilirudi dukani na kuhesabu hatua. Haya hapa.

1. Nilikuwa nimesimama dukani, upande wa pili wa barabara. Azana ya Magharibi ilikuwa imeshatoka, ya Isha ilikuwa bado. Nililipa kwa simu na nilikuwa natazama simu. Mgongo wangu ulikuwa barabarani.

2. Nilisikia vikombe vya kahawa vikigonganishwa nyuma yangu. Muda mfupi baadaye nilisikia matairi yakilia, kisha kishindo kimoja. Sikusikia honi.

3. Sikuliona gari likija. Sikuona lilipomgonga mtu. Siwezi kusema lilikuwa katika mwendo gani.

4. Niligeuka baada ya kishindo. Nikiwa nimeshageuka, simu ilitetemeka kwa ujumbe wa muamala. Ujumbe unaonyesha saa moja na dakika nane usiku. Ninao.

5. Nilikuta daladala limesimama. Mbele yake kijana alikuwa amelala ubavu, hatua kama tatu kutoka kwenye mistari ya kivuko. Sijui alikuwa wapi alipogongwa.

6. Mlango wa dereva ulikuwa upande wangu. Nilipogeuka ulikuwa umefungwa. Niliuona ukifunguliwa na mwanaume akishuka. Alivaa fulana ya njano yenye namba tisa mgongoni. Sikuona mtu mwingine akishuka kupitia mlango huo.

7. Kutoka niliposimama hadi mlango huo ni hatua 18, nimezipima baadaye. Taa ya ndani ya daladala ilikuwa imewaka, na ng'ambo kulikuwa na banda la chipsi lenye taa. Nilimwona uso alipozunguka mbele ya gari, kwa muda wa mtu kuhesabu taratibu hadi kumi. Sikuwahi kumwona kabla.

8. Mwanaume wa pili alitokea nyuma ya gari akiwa na noti katikati ya vidole. Sikuona alishukia wapi.

9. Watu walipojaa, mwenye fulana ya njano alikuwa bado amesimama mbele ya gari. Baadaye niliwasikia watu wakisema dereva amekimbia. Sikumwona mtu yeyote akikimbia kutoka kwenye gari.

Hesabu mashimo. Sikuona, siwezi kusema, sijui, sikuona. Mpelelezi angeyaona kuwa ni maelezo dhaifu. Lakini jaribu kuyavunja. Ukiniuliza kama niliona gari likija, nimeshasema hapana. Ukiniuliza kama nilikuwa kwenye simu, nimeshasema ndiyo, na simu hiyo ndiyo iliyokupa saa. Ukisema deiwaka alikimbia, itabidi unieleze alitokea mlango upi. Inawezekana alitoka kabla sijageuka, na hilo wakili angelisema. Lakini hakimu angekuwa na kitu halisi cha kupima: muda kati ya kishindo na kugeuka kwangu, mlango niliokuta umefungwa, na mtu aliyeufungua. Labda mshtakiwa angeachiwa bado. Siapi kwa hukumu ambayo haikutolewa. Angeachiwa au kufungwa kwa kile nilichokiona, si kwa sentensi nzuri ya mtu mwingine.

Muuza kahawa alirudi mtaani baada ya miezi kadhaa. Ana chuma mguuni, kwa hiyo hazunguki tena. Anakaa kwenye kona na birika lake, na wanaotaka kahawa wanamfuata. Siku moja aliniuliza, bila chuki, kwa nini nilisema dereva alikimbia, na yeye, pale chini alipolala, alimwona mwenye fulana ya njano amesimama juu yake. Nilimwambia sikusema. Akaniuliza, "Sasa dada, nani alisema?"

Nikamwambia niliandikiwa, nikasaini. Akanimiminia kahawa, akasema siku nyingine nisome vizuri. Nilisoma vizuri, hilo ndilo tatizo. Sikusoma polepole, kitenzi kimoja kimoja, nikijiuliza umejuaje.

Ukiitwa kesho kutoa maelezo, fanya hivyo. Afande akikwambia amekunyooshea, mshukuru, kisha mwombe akae kidogo. Weka kidole kwenye kila "ka". Pale usipokuwapo, mwambie aikate, aandike hukuwapo. Sheria inakupa haki ya kuongeza na kueleza, na saini inakaa chini ya mstari wa mwisho, baada ya masahihisho yako, si kabla. Akikunja uso, mwache akunje. Siku ya kusimama mbele ya wakili, yeye hatakuwapo kizimbani kukusaidia kueleza.